Nyumba ya wakfu iliyoandikwa jina la msimamizi peke yake: je, inarithiwa?

SWALI: Assalamu alaykum shehe wetu. Babu yangu mzaa mama aliiweka wakfu nyumba yake ya Mombasa kwa watoto wake, kisha kwa watoto wao, na mwisho kwa maskini. Hati ya wakfu ipo, lakini hatimiliki ina jina la mjomba wangu peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi. Mjomba amefariki akiwa hajagawa kodi ya miezi minne. Wanawe wanasema nyumba ni mirathi yao kwa sababu daftari la ardhi halimtaji mwingine. Mama yangu na mama mdogo wako hai. Haki ni ya nani?

JIBU: Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh. Ikiwa hati ya wakfu inasema kama ulivyoeleza, nyumba hiyo haimo katika mirathi ya mjomba wako, wala haikuwa mali yake siku yoyote. Msingi wa jambo hili ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu ardhi ya Umar bin Khattab radhi za Allah ziwe juu yake huko Khaybar, pale Mtume rehema na amani zimshukie alipomwelekeza aizuie asili ya mali na atoe sadaka mazao yake, ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi na hairithiwi. Katika hadithi hiyo hiyo msimamizi ameruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia mali. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba asili ya wakfu huhamia katika milki ya Mwenyezi Mungu, wanaowakifiwa hupata manfaa yake, na msimamizi hushika kwa mkono wa amana tu. Mtu hawezi kuwarithisha wanawe kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekishika kwa niaba ya wengine.

Wala kuwakifia jamaa si jambo geni katika dini. Zubayr bin Al-Awwam aliziwakifu nyumba zake, akaweka sharti kwamba binti yake aliyeachwa na mume apate mahali pa kukaa humo.

Hoja ya mabinamu zako inatokana na kutojua daftari la ardhi limeundwa vipi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinaruhusu anayepokea ardhi kwa niaba ya wengine asajiliwe pamoja na maneno ya kuonyesha kuwa ni mdhamini, ikiwa ameelezwa hivyo katika waraka alioipatia ardhi. Lakini kinamkataza msajili kuingiza katika daftari maelezo ya amana yenyewe, yaani ni akina nani wanaonufaika, kwa mafungu gani na kwa masharti yapi. Hati ya amana au nakala yake iliyothibitishwa inaweza kuwekwa kwa msajili kwa ajili ya kuhifadhiwa, ila haihesabiwi kuwa sehemu ya daftari. Kusudi la sheria ni kwamba anayenunua ardhi asilazimike kuchunguza mapatano ya ndani ya kila familia, atosheke na jina analoliona. Kwa hiyo daftari kunyamaza juu ya mama yako si ushahidi kwamba hana haki, kwa maana lisingemtaja hata kama kila kitu kingefanywa sawasawa.

Hata hivyo, utaratibu huu una hatari kubwa, nami nawaomba msiuchukulie kwa wepesi. Kifungu hicho hicho kinamhesabu mdhamini aliyesajiliwa kuwa mmiliki kamili katika shughuli zinazopitia daftari, na mtu anayeshughulika naye hahesabiwi kuwa na habari za amana. Mabinamu zako wakiandikishwa, kisha wakamuuzia mgeni kwa thamani kamili, huenda mkabaki kuwadai wao fedha huku nyumba imekwenda. Wao wenyewe hawana kinga hiyo maadamu hawajauza, kwa sababu warithi si wanunuzi, na hupokea kile alichokuwa nacho marehemu pamoja na wajibu uliokifunga. Mbele ya Allah, anayeuza wakfu hali anajua, na anayeununua hali anajua, wote wamepora.

Tuje kwenye kodi, maana hapo ndipo watu huchanganya mambo. Tuchukulie nyumba inaingiza shilingi 90,000 kwa mwezi, na matengenezo pamoja na kodi za kaunti ni 15,000. Hizi hutolewa kwanza, kwani wakfu usiotunzwa huanguka. Zinabaki 75,000 za ndugu watatu, kila mmoja 25,000. Mwanamume hapati mara mbili hapa, kwa sababu huu si mgawo wa mirathi. Wakfu hufuata maneno ya aliyeuweka, na asipobagua wote huwa sawa. Katika miezi minne ambayo haikugawiwa zimekusanyika 300,000. Fungu la mjomba wako, 100,000, lilikwisha kuwa lake kabla ya kufa, basi hilo linaingia katika mirathi na wanawe wana haki nalo. Zile 200,000 ni za mama yako na mama yako mdogo. Zikiwapo, zirudishwe, ikiwa alizitumia, ni deni linalolipwa baada ya gharama za maziko na kabla ya wasia na mirathi.

Na kuanzia siku aliyofariki? Umesema babu aliandika "watoto wake, kisha watoto wao". Neno hilo "kisha" linapanga tabaka, na kwa wanazuoni wa Kishafi tabaka la pili halipati kitu maadamu amebaki mmoja wa tabaka la kwanza. Hivyo fungu la mjomba linawarudia dada zake, kila mmoja 37,500. Mabinamu zako hawakufukuzwa katika wakfu: tabaka la kwanza likiisha, wataingia pamoja nawe kwa usawa. Lakini isomeni hati yote neno kwa neno, kwani wengi huongeza sharti kwamba anayefariki, fungu lake liende kwa watoto wake. Sharti hilo likiwemo, mabinamu wanapata 25,000 za baba yao kuanzia sasa, na jibu langu katika sehemu hii linabadilika.

Kwa upande wa hatua, pekueni daftari la ardhi mjue kama nyumba imeshahamishwa, na muombe zuio liandikwe ili isiuzwe kabla ya uamuzi. Pelekeni pingamizi katika shauri la mirathi mbele ya Kadhi, mkiambatanisha hati ya wakfu, ushahidi wa waliokuwapo, na karatasi zozote zinazoonyesha mjomba alikuwa akiwagawia dada zake kodi. Mgao wa miaka mingi ni dalili nzito kwamba yeye mwenyewe hakujiona mwenye nyumba. Ulizeni pia katika Kamisheni ya Wakfu kama wakfu huo uliwahi kusajiliwa. Mgogoro ukifikia kufuta jina katika hatimiliki, kwa kawaida huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hiyo tafuteni wakili mapema.

Msimamizi mpya awe yule aliyetajwa na hati, na asipotajwa, Kadhi aombwe kumteua mwaminifu. Hakuna kizuizi akiwa mwanamke, kwani Umar alimkabidhi wakfu wake binti yake Hafsa. Anapoandikishwa, hakikisheni waraka wa uhamisho unamtaja kuwa mdhamini, ili neno hilo liingie katika daftari pamoja na jina lake, na nakala iliyothibitishwa ya hati ya babu ihifadhiwe kwa msajili.