Asilimia tano ina mikia miwili

"Wakuu, uzito wa watoto wachanga: wastani kilo 3.1, mkengeuko sanifu 0.3. Kati ya watoto 400, wangapi wako chini ya 2.5? Nimepata 20, majibu yanasema 10."

Mkuu, hesabu yako ilianza vizuri. Toa 2.5 kwenye 3.1 unabaki na 0.6, yaani mikengeuko miwili chini ya wastani. Kati ya mikengeuko miwili kila upande kuna takriban asilimia 95 ya watoto. Asilimia 5 iliyobaki ndiyo iliyokuponza: haiko upande mmoja. Nusu yake ni vichanga wazito wa zaidi ya kilo 3.7. Wepesi ni asilimia 2.5 tu, na 2.5 ya kila 100 katika 400 ni 10. Ukitumia jedwali la z utapata asilimia 2.28, kama watoto 9, kwa sababu 95 kamili huishia kwenye 1.96, si 2.

Mimi huchora mkunjo wa kengele wa data kwanza, wenye mkia kila upande, nikapaka rangi sehemu inayoulizwa. Ukiona mkia mmoja, gawa kwa mbili.

Ila usiipeleke kanuni hii kila mahali. Hapa Mbeya tulipewa zoezi la siku za kulazwa wodini: wastani 4, mkengeuko 5. Toa mkengeuko mmoja tu, unapata siku hasi 1! Hakuna anayelazwa hivyo. Wachache waliokaa muda mrefu wameuvuta mkia kulia, kwa hiyo asilimia 68 ya mkengeuko mmoja na 95 ya mikengeuko miwili hazifai. Hapo tumia mediani.