Klipu ya CC BY kwenye tangazo la mteja

"Nimepata klipu ya fundi cherehani, leseni CC BY. Naweza kuiweka kwenye tangazo la mteja?"

Kwa upande wa hakimiliki, ndiyo ndugu. CC BY ni leseni huria inayoruhusu hata matumizi ya kibiashara, mradi umtaje mwenye kazi. Taja jina la mpiga video, weka kiungo cha leseni, na useme kama umeikata au kubadili rangi. Ingekuwa na NC, yaani isitumike kibiashara, ningekwambia uiache.

Kinachonitia wasiwasi ni uso wa huyo fundi. Mpiga video ametoa haki zake yeye tu. Leseni haikupi ruhusa ya kutangazia bidhaa kwa sura ya mtu mwingine. Muombe mpiga video fomu ya ridhaa iliyosainiwa na fundi mwenyewe. Ikikosekana, bakiza vipande vya mikono na cherehani. Klipu za kununua zilizoandikwa "Editorial use only", yaani za habari tu na si matangazo, nazo mara nyingi hukwama hapo hapo kwenye ridhaa.