Mafuta yakishika moto karaini, kwa nini maji huuzidisha?

Suali: Assalaam alaykum. Mimi nauza kachori na bajia hapa Wete. Juzi mafuta yalishika moto karaini. Nikazima gesi, moto haukuzimika. Nikatia maji kata moja, moto ukapanda mpaka darini. Kwa nini maji yaliuzidisha, na nilitakiwa nifanye nini?

Jawabu: Waalaykum salaam, dada. Alhamdulillah umesalimika.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo ulipoyamwaga hayakukaa juu ya moto, yalizama ndani ya mafuta. Mafuta ya kupikia huwaka yenyewe, hata bila ya kuguswa na moto, yakifika kiasi cha nyuzi 350 hivi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Basi maji yako yaligeuka mvuke papo hapo, na maji yakiwa mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kata ya nusu lita, ikigeuka yote, hutoa mvuke wa kujaza mapipa manne ya lita 200. Mvuke huo unatokea chini, na mafuta yako juu yake, kwa hivyo huyarusha hewani yakiwa matone madogo madogo. Kabla ya hapo moto ulikuwa unawaka juu ya uso wa mafuta tu, pale yanapokutana na hewa. Tone lililorushwa limezungukwa na hewa pande zote, na matone yote yakashika kwa pamoja. Huo ndio moto uliopanda darini.

Kuzima gesi ulifanya vyema, lakini mafuta yalishapata moto wa kutosha kuendelea kuwaka bila ya jiko. Kilichobaki ni kuyanyima hewa, na kwa hilo chombo unacho jikoni: sinia ya chuma au bati, pana kuliko mdomo wa karai. Ishike wima mbele yako kama ngao, weka ukingo wake kwenye ukingo wa karai ulio karibu na wewe, kisha ilaze polepole kuelekea mbele, moto ubaki upande wa pili. Usiidondoshe kutoka juu, maana mikono itapita juu ya moto na mafuta yataruka. Mikono mipana ya baibui ikunje kwanza. Kawa usilitumie kabisa, ni ukili, litawaka. Mfuniko wa plastiki utayeyuka, na wa kioo unaweza kupasuka. Unga wa dengu ulio karibu yako nao usiurushe, kwa sababu unga ukitimka huwaka hewani. Gunia au taulo linalochuruzika maji ni maji yale yale.

Kama jiko lako ni la kichomeo kilichofungwa juu ya mtungi mdogo, ile swichi ya kuzimia iko chini ya karai, na ndimi za moto huishukia. Hapo funika kwanza, ndimi zitapungua, ndipo ufunge gesi. Kwenye jiko la mpira, ambalo mtungi uko mbali, funga mtungini kisha funika. Seredani haina cha kufunga. Funika karai na uiache hapo hapo juu ya makaa mpaka yafe yenyewe. Kulibeba karai kulitoa nje ndiko kunakounguza watu vibaya zaidi, kwa sababu ukitembea upepo huleta moto usoni na mafuta humwagika miguuni.

Ukishafunika, usichungulie. Moto unaweza kuwa umezimika na mafuta bado yako juu ya nyuzi zile za kuwaka yenyewe. Ukifunua, hewa inaingia na yanashika tena, safari hii uso wako uko juu yake. Karai la biashara lenye lita tatu au nne liache saa nzima au zaidi. Sogeza mgongo wa mkono ubavuni mwa karai bila ya kugusa: ukihisi joto, bado.

Kama moto umeshashika dari au makuti, au huwezi kulikaribia karai, toa watu, funga mlango nyuma yako na uwaite zimamoto. Sinia haitoshi tena. Aliyeungua mtie chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila ya dawa ya meno wala asali, kisha apelekwe hospitali.

Kabla ya kuwaka mafuta hukupa ishara. Bajia huiva vizuri kwenye nyuzi 170 mpaka 190, na mafuta mengi huanza kutoa moshi baina ya 200 na 230. Ukiona moshi wa samawati unaowasha macho, zima, usingoje kumaliza fungu lililo karaini. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi, yaliyokuwa meusi na kutoa povu, hufika kwenye moshi na moto mapema kuliko mapya. Haya yaliyowaka juzi yakishapoa yatie kwenye chupa uyatupe, usiyachanganye na mapya ya kesho.