Pesa ya kurudishiwa haijaingia: uanzie wapi?

*Swali la wiki: “Nilinunua bidhaa dukani nikaambiwa nikilipa kwa simu nitarudishiwa asilimia fulani. Mwezi umekwisha, sijaona kitu. Nimdai nani, na nidai vipi?” — Msomaji, Makambako*

Mhariri, mimi nina duka la vifaa vya umeme hapa Uyole, Mbeya, na napokea malipo ya simu kutwa nzima. Namjibu mwenzetu wa Makambako kwa upande ambao wateja hawauoni.

Kwanza fungua ujumbe wa muamala wako uusome vizuri. Kama ulilipa kwa Lipa Namba, utaonyesha kwamba umelipa kwenye biashara. Kama ulituma kwa namba ya kawaida ya muuzaji, utaonyesha kwamba umemtumia mtu pesa. Ofa nyingi za kampuni za simu zinahesabu malipo ya kwanza tu. Hayo ya pili mfumo wao unayaona kama umemtumia shangazi yako nauli. Na wauzaji wengi, nasema hili kwa uchungu, wanabandika tangazo la ofa ukutani halafu mteja akifika kaunta wanamwambia “tuma kwa namba hii,” ili wakwepe makato ya Lipa Namba. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwako, kampuni ya simu haina deni lako. Mwenye deni ni huyo muuzaji aliyekuvuta kwa tangazo akakupitisha mlango mwingine.

Sasa tuseme ulilipa sawasawa. Jirani yangu alinunua friza Mwanjelwa kwa shilingi 780,000. Tangazo lilisema: lipa kwa Lipa Namba, urudishiwe asilimia 5, isiyozidi 30,000, ndani ya siku 7. Alitanguliza 300,000 taslimu, akamalizia 480,000 kwa simu. Siku zikapita, kimya. Akapiga huduma kwa wateja akidai 39,000, yaani asilimia 5 ya bei yote. Wakamjibu kwamba hakuna muamala kama huo, wakafunga lalamiko.

Tulipokaa na simu yake tukaona mambo mawili. Taslimu haihesabiwi, kwa hiyo haki yake ilikuwa asilimia 5 ya 480,000, ambayo ni 24,000. Isitoshe, yeye alikuwa anataja jina la duka lililo kwenye kibao, kumbe Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la mwenye duka. Mhudumu alikuwa anatafuta jina ambalo kwenye mfumo halipo. Hili hutokea sana huku kwetu, maana mtu anabadilisha kibao lakini usajili unabaki uleule.

Akaandika upya hivi: “Tarehe fulani nililipa Sh 480,000 kwenye Lipa Namba fulani, kumbukumbu ya muamala ni hii. Tangazo lenu linaahidi asilimia 5 ndani ya siku 7. Nadai Sh 24,000. Naomba namba ya lalamiko.” Akaambatanisha picha ya tangazo na risiti ya EFD. Pesa ikaingia. Kilichomsaidia zaidi ni ile namba ya kumbukumbu, kwa sababu hiyo haina majina mawili. Picha ya tangazo nayo ina thamani yake: ofa ikiisha karatasi inabanduliwa, na maandishi madogo ya vigezo na masharti unabaki kuyasikia kwa mdomo wa mtu. Ipige siku ileile ya kununua, mpaka yale maandishi ya chini yasomeke.

Wakikunyima bila sababu inayoeleweka, omba jibu kwa maandishi. Ahadi ikiwa ya kampuni ya pesa za simu au ya benki, lipeleke lalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini. Watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma wako, ndiyo maana ile namba ya lalamiko usiipoteze. Ahadi ikiwa ya duka lenyewe, au muuzaji alikupa namba yake binafsi huku tangazo likining'inia, hilo ni la Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mara nyingi haifiki huko: mimi nikiwa muuzaji, mteja akija kwa upole ana risiti na picha mkononi, sina pa kupita.

Jambo la mwisho ni hatari. Ukilalamika hadharani mtandaoni, atakupigia mtu akijiita wa huduma kwa wateja, ataomba namba ya siri “akuingizie bonasi.” Pesa ya kurudishiwa huingia yenyewe, haihitaji namba yako ya siri wala ile ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe. Kata simu. Akikutumia ujumbe wa kitapeli, usambaze kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.