Barua ya kuomba benki ipange upya marejesho: maswali yenu

Rejesho langu ni tarehe 28 na sitalifikisha. Niandike sasa au nisubiri wanipigie?

Andika leo. Nilipokuwa afisa mikopo, mteja aliyekuja kabla ya tarehe nilikuwa na la kumsemea mbele ya meneja: hajachelewa, amejileta mwenyewe. Aliyezima simu wiki tatu sikuwa na la kumsemea. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki zetu hapa Tanzania huuhesabu kuwa chechefu, na mara nyingi faili hutoka kwa afisa anayekujua likaenda kwa wakusanya madeni. Na tarehe 28 ikifika, weka ulichonacho, hata laki moja. Barua haisimamishi rejesho mpaka benki ikujibu kwa maandishi.

Nashona sare za shule. Shule moja haijanilipa, na nimebakiza milioni 6 za kulipa kwa miezi 12. Barua niiandikeje?

Mwandikie meneja wa tawi. Juu weka anwani yako, tarehe, kisha kichwa: YAH: MAOMBI YA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO, pamoja na namba ya mkopo. Kiini chake kiwe hivi:

"Nimelipa marejesho yote hadi mwezi uliopita. Tangu Januari sijalipwa shilingi 2,400,000 za sare nilizokabidhi kwa shule moja. Nakala ya hati ya makabidhiano nimeiambatisha. Kwa sasa, nikishalipia vitambaa, mafundi, kodi ya fremu na mahitaji ya nyumbani, ninabakiwa na takriban shilingi 360,000 kwa mwezi, wakati rejesho ni shilingi 550,000. Naomba salio la shilingi 6,000,000 lipangwe kwa miezi 24, ili rejesho liwe takriban shilingi 300,000. Shule ikinilipa, nusu ya fedha hizo nitaiweka kupunguza deni."

Inatosha. Wengi hujaza ukurasa mzima kwa ugumu wa maisha halafu wanamalizia na "naomba mnifikirie". Meneja atafikiria nini, wakati hujamwambia unaweza kulipa kiasi gani? Ombi lako lazima liwe na kiasi na muda. Angalia pia kwamba hukuomba rejesho la 360,000, yaani kila kinachobaki. Elfu sitini umeiacha kwa ajili ya cherehani itakayoharibika. Ukiahidi mpaka senti ya mwisho, mwezi wa pili utarudi kuomba tena, na safari hiyo hawatakusikiliza kama mwanzo.

Ambatisha taarifa ya akaunti ya miezi sita na nakala za kurasa za daftari la mauzo. Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo.

Sehemu ya mkopo ilimtibu mama yangu, haikuingia dukani. Nikinyamaza kuna ubaya?

Pole sana, dada. Usidanganye. Afisa atakuja dukani kuhesabu mali, na atakapokuta bidhaa za milioni mbili badala ya milioni nne, ataanza kutilia shaka hata yale uliyosema kweli. Sentensi moja inatosha: "Shilingi kadhaa kati ya mkopo nilizitumia kwa matibabu ya mama yangu, kinyume na lengo la mkopo." Taja kiasi na uambatishe risiti za hospitali. Huenda wakakuonya, kwa kuwa mkataba unataja matumizi ya mkopo. Onyo hilo ni jepesi kuliko kukamatwa na uongo ulioutia saini.

Wamekubali miezi 24. Sasa si nimepumua?

Umepumua, lakini piga hesabu. Tuchukue mfano wa yule mshonaji, riba ikiwa asilimia 18 kwa mwaka na inatozwa kwenye salio linalopungua. Kwa miezi 12 angelipa takriban 6,600,000, yaani riba kama laki sita. Kwa miezi 24 atalipa karibu 7,200,000, kwa hiyo riba inakuwa mara mbili. Ndiyo sababu ile ahadi ya nusu ya fedha za shule ni ya maana: akiweka 1,200,000 mapema, riba inapungua kila mwezi unaofuata. Kabla ya kusaini uliza kama kuna ada ya kupanga upya, na kama kulipa mapema kuna faini.

Kama shida yako ni ya msimu tu, huenda ukahitaji jambo jingine: kulipa riba peke yake kwa miezi mitatu. Kwa salio la milioni 6 hiyo ni 90,000 kwa mwezi. Deni lenyewe halipungui, ila muda wa mkopo haurefuki kupita kiasi.

Shemeji yangu ndiye mdhamini. Lazima ajue?

Ndiyo, na ajue kutoka kwako kabla barua haijafika benki. Masharti yakibadilika, benki itamtaka asaini upya. Nenda nyumbani kwake na nakala ya barua, umsomee.