Salio la laini 2 kuisha lenyewe

"Bando nimeweka laini 1, laini 2 ni ya kupiga tu, mbona salio la laini 2 linaisha lenyewe?"

Mkuu, hapo data inahama. Ukiwa unaongea na laini 2, simu nyingi zinashindwa kushika intaneti ya laini 1, sasa kama umeruhusu ihame, WhatsApp na apdeti zinahamia laini 2 isiyo na bando na zinakula salio kimyakimya. Ingia setingi za laini, Samsung zima "Auto data switching", iPhone zima "Allow Cellular Data Switching". Intaneti inaweza kukata ukiwa unaongea, ila salio halitaguswa na data tena. Kwenye Samsung meseji nazo zina chaguo lake, weka laini yenye bando la SMS, haifuati ya kupigia.