Daivajensi: mbona P inaendana na x pekee?

"Wasee, niko Kisumu nasoma kalkulasi ya vekta. Fomula ya daivajensi, ∂P/∂x + ∂Q/∂y, naijua lakini sielewi mbona P tunaiderivia kwa x tu, na hiyo namba inamaanisha nini?"

Ndugu yangu, fikiria maji ya Mto Nyando ukiyatazama kutoka juu, kina ni kile kile kila mahali, kasi ni F = (P, Q), P ni ya kwenda kulia na Q ya kwenda juu, alafu chora kisanduku kidogo cha upande h kwa pointi yako. Ukuta wa kulia unavukwa na P peke yake juu Q inateleza sambamba na huo ukuta haitoi kitu nje. Kulia yanatoka karibu P(x+h, y)·h, kushoto yanaingia P(x, y)·h, toa hiyo utabaki na (∂P/∂x)·h². Kuta za juu na chini zinakupa (∂Q/∂y)·h². Jumlisha, gawa kwa h², hiyo ndiyo daivajensi: maji yanayotoka ukishatoa yanayoingia, kwa kila kipande cha eneo. Na ∂P/∂y? Inabadilisha P kuta zote mbili sawasawa, kwa hivyo inajifuta.

Sasa jaribu F = (x², −y), daivajensi ni 2x − 1. Pale (2, 1) unapata 3, yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia kwa hivyo lazima kuna chemchemi hapo, pale (0, 1) ni −1, maji yanamezwa.

Chunga hii, wengi huangalia urefu wa mshale. F = (5, 0) inakimbia sana lakini daivajensi yake ni 0, juu kila kinachoingia kushoto kinatoka kulia.